Baba mdogo achunge mali ya yatima, lakini tribunali imuulize hesabu

Shimo likianguka Rubaya, Bisie ao kwenye kilima kingine cha Masisi na Walikale, watu wanachimbua maiti, wanazika, wanakaa matanga. Kisha matanga yanaisha na kila mtu anarudi kwa kazi yake. Ni hapo sisi tunaomba wasomaji wetu waangalie, kwa sababu hapo ndipo mali ya watoto inapoanza kupotea. Siku watu wanakunja maturubai, mmoja wa ndugu za marehemu anakamata ufunguo wa nyumba na kusema: «Sasa mimi njo baba ya hawa batoto.» Watu wanapiga makofi, wanamshukuru, wanaenda. Hakuna aliyeandika kitu.

Hatuandiki kwa kutukana baba wadogo. Wengi wao wanabeba mzigo wa watoto wanne ao watano juu ya watoto wao wenyewe, na mshahara hawana. Tunasema neno moja tu: kuchukua watoto ni desturi nzuri, lakini kuchukua mali yao ni jambo la sheria, na sheria ya Kongo haiachi jambo hilo kwa mtu mmoja pekee yake. Inaweka tribunali juu yake. Baba mdogo ambaye tribunali haijamuweka si mlezi mbele ya sheria. Ni mtu aliyekamata ufunguo.

Tuanze na swali ambalo linaleta vita kwenye familia: mali ni ya nani? Kodi ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inapanga warithi kwa makundi. Kundi la kwanza ni watoto wa marehemu: wale wa ndoa, wale wa inje ya ndoa ambao baba aliwatambua akingali hai, na wale wa kulea kwa sheria. Hao wana robo tatu ya mali. Kundi la pili lina mjane, baba na mama wa marehemu, na ndugu zake wanaume na wanawake. Hao wote pamoja wanaangalia robo inayobaki. Baba mdogo yumo ndani ya kundi hilo la pili, lakini yumo kama ndugu ya marehemu, pamoja na dada zake na kaka zake wote. Si yeye mwenye urithi. Na msichana ana sehemu sawa na mvulana. Yule anayesema «binti ataolewa, mali itaenda kwa watu wengine» anasema desturi, hasemi sheria.

Jambo la pili: kama mama wa watoto angali hai, hakuna haja ya kutafuta mlezi. Mzazi mmoja akifariki, mamlaka juu ya watoto yanabaki kwa yule mwingine. Mjane tena ana haki ya kutumia nyumba waliyoishi na bwana yake pamoja na vyombo vya ndani, na kama nyumba inapangishwa, kodi inagawanywa nusu kwake na nusu kwa watoto. Familia inayomfukuza mjane kwa kusema «tutalea batoto ya ndugu yetu» haijapewa watoto na mtu yeyote. Mambo ya mlezi yanaanza wakati baba na mama wote wawili hawako, ao wakati yule aliyebaki amenyanganywa mamlaka na tribunali.

Tuchukue mfano, ili jambo lionekane. Majina hatutaji, na hesabu ni ya kuelewesha tu. Mchimbaji mmoja anakufa shimoni. Bibi yake alikuwa amekufa miaka miwili mbele. Wanabaki watoto watatu: wa miaka 14, wa 9 na wa 5. Mali yake: parseli moja Sake yenye nyumba ya mbao inayopangishwa dola 30 kwa mwezi, ng'ombe wawili kwenye malisho ya rafiki, pompi ya kuvuta maji na vyombo vingine vya shimo, na dola 600 ambazo negosian mmoja alikuwa hajamlipa kwa koltani aliyokwisha kumpa. Tuseme parseli ni dola 4,500, ng'ombe 700, deni 600, vyombo 200. Jumla ni dola 6,000.

Robo tatu ya watoto ni dola 4,500. Hata tukichukua robo yote inayobaki, dola 1,500, hiyo inaangaliwa na bibi mzaa baba pamoja na ndugu zote wa marehemu. Kama ndugu wako wanne, baba mdogo hawezi kutoka hapo hata na bei ya ng'ombe wawili. Lakini kwenye maisha tunayoona, ni yeye anayepokea dola 30 kila mwezi, ni yeye anayeenda kudai kwa negosian, ni yeye anayejua ng'ombe wamelala wapi. Kwa mwaka kodi ni dola 360. Mpaka mtoto wa kwanza afikishe miaka 18, yaani miaka ine, ni dola 1,440. Hesabu hiyo peke yake, bila ng'ombe na bila deni, ingeweza kubakiza watoto shuleni. Na kama hakuna daftari, mtoto akiuliza anajibiwa: «Ulikuwa unakula nini hapa?»

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana daftari ni ya lazima kwa pande zote mbili. Mlezi ana haki ya kutumia mapato ya watoto kwa chakula chao, minervali, hospitali na nguo. Sheria haimuombi awalishe kutoka mfukoni mwake. Inamuomba aonyeshe. Baba mdogo mwaminifu ambaye hakuandika kitu atasimama siku moja mbele ya kijana wa miaka 18 mwenye hasira, na hatakuwa na hata karatasi moja ya kujitetea. Daftari inamlinda yeye kama inavyolinda watoto.

Sasa tribunali inaingiaje? Njia ni hii. Kwanza, konsey ya familia inakaa: watu wa upande wa baba na watu wa upande wa mama. Tunasisitiza upande wa mama, kwa sababu mara nyingi wajomba hawaitwi, na wao ndio wanaoweza kuuliza bila kuogopa kugawana kitu. Konsey inapendekeza mlezi na inaandika proseverbali yenye saini ao kidole cha kila mmoja. Lakini konsey inapendekeza tu. Anayeweka mlezi ni jaji. Tangu sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, mambo ya ulezi wa mtoto ni kazi ya tribunali ya watoto. Hapo kesi inasikilizwa mlango ukifungwa, si mbele ya watu wote, na asistanti sosiali anaweza kutumwa kuangalia watoto wanaishi namna gani na wanataka nini. Mtoto wa miaka 14 anaweza kusema.

Ya pili, mlezi akishawekwa, anaandika orodha ya mali ya watoto. Hii ndiyo karatasi ya maana kuliko zote. Orodha nzuri haisemi «parseli moja na ng'ombe». Inasema parseli iko avenyi gani, inapakana na nani kila upande, ina metre ngapi, iko na karatasi gani: sertifika, fishi ya parseli, ao karatasi ya kuuziana iliyosainiwa na shefu wa lokalite. Inasema ng'ombe ni wa rangi gani, wana alama gani, wako kwa nani. Inasema negosian anadaiwa ngapi na nani anashuhudia. Orodha ambayo haiwezi kumsaidia mgeni kukuta kitu, haitamsaidia mtoto miaka kumi nyuma.

Ya tatu, iko mambo ambayo mlezi anayafanya mwenyewe na iko mambo ambayo hawezi kuyafanya bila ruhusa ya tribunali. Kupokea kodi, kurekebisha mabati, kulipa shule, kuuza maziwa: hiyo ni kazi yake. Kuuza parseli, kuiweka rehani, kukopa kwa jina la watoto: hapo anapaswa kwenda kwa jaji na kueleza kwa nini. Jaji atauliza maswali mepesi: pesa ni ya nini, bei imepimwa na nani, hakuna njia ingine, na pesa itakaayo itawekwa wapi? Na mlezi hawezi kujinunulia yeye mwenyewe mali ya mtoto anayemlea, kwa sababu hawezi kuwa muuzaji na mnunuzi kwa mara moja.

Ya ine, hesabu. Ulezi ukiisha, mtoto akifika miaka 18 ao mlezi akibadilishwa, mlezi anatoa hesabu ya vyote vilivyoingia na vyote vilivyotoka. Akionekana ametumia vibaya, tribunali inaweza kumuondoa na kuweka mwingine, na anaweza kulazimishwa kurudisha.

Hapa sisi tuko na maoni yetu. Kungoja mpaka mtoto afike miaka 18 ni kungoja sana. Katika mfano wetu, mtoto wa mwisho ana miaka 5. Atafika 18 nyuma ya miaka 13. Nani atakumbuka? Ni afazali konsey ya familia iombe jaji, siku ileile ya kuweka mlezi, aandike ndani ya uamuzi wake kwamba mlezi ataleta daftari mbele yake kila mwaka, na kwamba mtu mmoja wa upande wa mama atapewa kopi. Ombi hilo halimgarimu mtu kitu zaidi.

Jirani zetu wa Kenya wana kanuni moja ambayo tungependa kuiona kwetu. Sheria yao ya urithi inasema kwamba mali ya mtu aliyekufa bila wosia, kama ndani yake muna sehemu ya kuchungiwa watoto wadogo, haipewi msimamizi mmoja peke yake kama ni mtu binafsi: inataka angalau wawili. Na ndani ya miezi sita tangu wapewe kazi, wanapashwa kuleta mahakamani orodha kamili ya mali na madeni. Watu wawili wanaweza kula pamoja, ni kweli. Lakini ni vigumu zaidi kuliko mtu mmoja. Familia za kwetu zinaweza kufanya hivyo hata bila kungoja sheria mpya: kodi ya nyumba ipokelewe na baba mdogo mbele ya mjomba ao shangazi, na wote wawili watie saini kwenye daftari.

Kuna sehemu moja ambayo inahusu wachimbaji pekee, na watu wanaidanganya sana: shimo. Karte ya mchimbaji ni ya mtu mwenyewe, na inatolewa kwa mwaka mmoja. Haiingii kwenye urithi. Kilima pia si cha marehemu, kwa sababu udongo na mawe yaliyo chini yake ni ya Serikali. Kwa hiyo baba mdogo anayesema «shimo ni ya batoto, mimi nachunga» na yule anayesema «batoto hawana kitu shimoni» wote wawili hawasemi vizuri. Kilicho cha watoto ni hiki: mawe ambayo baba yao alikwisha kutoa na hayajalipwa, vyombo vyake, pesa alizoingiza kwa kutengeneza shimo kama wenzake walikubaliana atarudishiwa, na msaada wowote ambao koperative ao wenye shimo wanatoa kwa sababu ya kifo chake. Hizo ni mali ambazo zinayeyuka katika siku chache, kwa sababu hazina sertifika. Zinakaa ndani ya daftari la PDG wa shimo na ndani ya kichwa cha negosian.

Kwa hiyo tunaomba wenye mashimo na wakubwa wa koperative jambo moja. Mchimbaji akifa, kopi ya hesabu yake itoke mara moja, na itolewe kwa watu wawili: mmoja wa upande wa baba, mmoja wa upande wa mama. Na pesa isitolewe mkononi kwa yule wa kwanza kufika akisema ni ndugu. Kama watoto hawana mama, pesa ingoje proseverbali ya konsey ya familia. Wiki mbili za kungoja haziui mtu. Dola 600 zilizopewa mtu asiyejulikana hazirudi.

Mtu atatambua namna gani kwamba mambo yameanza kuharibika? Alama ziko, na majirani wanaziona mbele ya jaji. Mpangaji anaambiwa aandike risiti kwa jina la baba mdogo, si kwa jina la watoto. Mtoto anatolewa shuleni «kwa kukosa pesa» na nyumba ingali inapangishwa. Miti ya mpaka inahamishwa. Mtoto anapelekwa kukaa mbali, na hakuna anayejua ni kwa nani. Na alama mbaya kuliko zote: kijana wa miaka 15 anaitwa kutia kidole kwenye karatasi ya kuuza. Kidole cha mtoto hakifanyi mauzo kuwa mazuri. Kinaonyesha tu kwamba muuzaji alijua mali si yake.

Tunasema na wanunuzi pia, kwa sababu wengi wao ni wachimbaji waliokamata pesa kidogo na wanataka kujenga Sake ao Goma. Ukionyeshwa parseli ya marehemu, usiulize bei kwanza. Uliza watoto wako wapi na wana miaka ngapi. Kama yuko mdogo wa miaka 18, uliza ruhusa ya tribunali ya kuuza, uisome, uangalie kama inataja parseli hiyo. Kama parseli ina sertifika, jua kwamba konservateri wa vyeo vya ardhi hahamishi jina la marehemu kwa neno la ndugu. Anataka uamuzi wa tribunali unaotambua warithi. Anayeuza nyumba ama kiwanja ambacho si chake anafanya kosa ambalo mahakimu wanaita stelionati, na linaweza kumpeleka gerezani. Lakini gereza lake halitakurudishia wewe dola zako. Nyuma ya miaka kumi yatima atakuja na avoka, na wewe ndiye utakuwa ndani ya nyumba.

Tunajua jibu la wasomaji wetu: «Tribunali gani? Iko wapi?» Ni swali la haki. Rubaya ilikamatwa na M23 mwisho wa mwezi wa ine 2024, Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na kazi ya mahakama ikakatika. Hata mbele ya hapo, mjomba wa Walikale alikuwa anatembea siku nyingi kufika mbele ya jaji wa watoto. Hatutamdanganya mtu kwamba mlango uko wazi na karibu.

Lakini kukosa jaji leo hakumpi baba mdogo ruhusa ambayo jaji peke yake ndiye anaitoa. Kama hakuna wa kuruhusu mauzo, basi hakuna mauzo. Parseli haiozi, ingoje. Nyuma ya matanga, konsey ya familia ikae, pande zote mbili. Orodha iandikwe kwa kalamu, mbele ya shefu wa lokalite na majirani wawili wanaopakana na parseli, kila mmoja atie saini. Zifanywe kopi tatu: moja kwa anayechunga, moja kwa upande wa mama, moja mahali pa tatu ambapo familia zote mbili zinaaminia, kama parokia ao shule ya watoto. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu na itumwe kwa ndugu aliye mbali, kwa sababu kwetu nyumba zinaungua na watu wanakimbia. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi ya kifo vichungwe pamoja na hiyo orodha, maana bila hivyo mtoto atapoteza muda akihakikisha kwanza kwamba yeye ni mtoto.

Shefu anaweza kushuhudia. Mwami na wazee wanaweza kupatanisha, na mara nyingi wanafanya vizuri kuliko avoka. Lakini hakuna mmoja kati yao anayeweza kumpa mtu haki ya kuuza mali ya yatima, hata akipewa mbuzi na katoni ya bia. Na siku tribunali itakapofanya kazi tena, hiyo orodha ya kalamu ndiyo jaji ataishika kwanza mkononi.

Kwa mchimbaji ambaye angali hai na anasoma gazeti hili jioni, mbele ya kushuka tena kesho, tunamuachia kazi moja. Andika leo wanaokudai na unaowadai, karatasi za parseli ziko kwa nani, ng'ombe wako kwa nani. Watambue watoto wako wote kwenye ofisi ya etasivili, na wale uliozaa inje pia, kwa sababu yule hukumtambua atakosa jina lake ndani ya kundi la kwanza. Kisha mpe bibi yako kopi, na dada yake kopi. Ndugu yako mdogo ni mtu mzuri, hatukatai. Mpe na yeye kopi.